Muuguzi Alikosea, Kwa Wakubwa Zikajitokeza Changamoto

Ripoti zetu za matukio zina sarufi ya wadogo na sarufi ya wakubwa. Katika sarufi ya wadogo kila mstari una mtenda: muuguzi alichanganya dawa, mhudumu hakuangalia, fundi wa maabara alichelewesha majibu. Katika sarufi ya wakubwa humkuti mtu hata mmoja: vifaa havikupatikana, ajira zilichelewa, changamoto zilijitokeza. Mwenye mshahara mdogo anapewa kitenzi, cheo, saa na wodi. Mwenye gari la ofisi anapewa sentensi isiyo na mwenyewe. Ripoti ni moja, ukurasa ni mmoja, na mkono ulioandika ni mmoja, lakini kauli za vitenzi zimegawanywa kwa ngazi za mshahara.

Huu ni uonevu unaofanywa kwa sarufi. Tena ungekuwa uonevu mtupu ningesema tumeuzoea. Ubaya wake wa pili ni kwamba unaua. Ripoti ya tukio huandikwa ili jambo lisirudi, na sehemu ya kisa iliyoachwa bila mtenda ndiyo inayobaki bila wa kuirekebisha. Mwezi ujao jambo lile lile linampata mgonjwa mwingine, mikononi mwa muuguzi mwingine, na katibu yule yule anafungua faili jipya.

Nichukue kisa kimoja nikipitie mwanzo mpaka mwisho. Wodi na watu wake nimewatunga, lakini kosa lenyewe ni la kweli na wafamasia wa nchi nyingi wanalifahamu. Ni usiku, wodi ya wanaume, wagonjwa 31, muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Kuna mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imefika milimoli 19 kwa lita. Daktari wa zamu, kijana aliye bado kwenye mafunzo kwa vitendo, anaagiza insulini ya kawaida yuniti 8. Anaandika kwa kifupi kama alivyowaona wakubwa zake wakiandika: 8U. Mkono una haraka na herufi U imefunga juu. Muuguzi anaisoma karatasi chini ya taa moja iliyobaki, na anachokiona ni 80.

Herufi hiyo ina historia. Kule Marekani, Joint Commission, taasisi inayotoa ithibati kwa hospitali, iliiweka kwenye orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa mwaka 2004, kwa sababu hiyo hiyo ya kufanana na sifuri. Daktari anatakiwa aandike neno zima. Sisi huku bado tunaandika U, na inapofanana na sifuri tunamtafuta aliyeisoma.

Tuendelee. Insulini inayotumika kwa kawaida ina yuniti 100 katika mililita moja. Yuniti 8 ni kidogo sana, hazifiki hata sehemu ya kumi ya mililita. Yuniti 80 ni mililita 0.8. Kwenye bomba maalumu la insulini la mililita moja, dozi hiyo ingekaribia kulijaza bomba, na jicho lolote lililowahi kuchoma insulini lingeshtuka. Lakini mabomba ya insulini yamekwisha wodini, kwa hiyo muuguzi anatumia bomba la kawaida la mililita 2, ambamo mililita 0.8 haimshangazi mtu. Utaratibu wa hospitali unataka insulini ihakikiwe na wauguzi wawili. Wa pili hayupo. Saa 3 usiku anachoma.

Saa 5 na nusu mhudumu anapita na kumwona mgonjwa amelowa jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Anamwita muuguzi. Sukari inapimwa: 1.8, na hatari huanza pale inaposhuka chini ya 4. Muuguzi anampigia daktari, anaingiza mshipani mililita 50 za glukosi ya asilimia 50, mgonjwa anazinduka. Dripu ya glukosi inaendelea na vipimo vinarudiwa mpaka asubuhi, maana insulini nyingi kiasi hicho haiishi kazi yake kwa saa moja. Mgonjwa anapona.

Asubuhi inatakiwa ripoti. Hapa ndipo kalamu inapotenda kazi yake, na kwa kawaida inatoa mojawapo ya maandishi mawili.

La kwanza ni hili: “Muuguzi wa zamu ya usiku alimpa mgonjwa insulini mara kumi ya dozi aliyoandikiwa. Hakuhakiki na mwenzake kama utaratibu unavyotaka, na alitumia bomba lisilo sahihi. Alionyesha uzembe.”

Msomaji wa haraka atasema hili ni andiko la wazi. Lina mtenda, lina kauli ya kutenda, halizunguki. Mimi nasema limejaa ukweli na bado linadanganya. “Hakuhakiki na mwenzake” linatueleza jambo ambalo halikutokea, na halisemi kwamba mwenzake huyo hakuwepo. “Alitumia bomba lisilo sahihi” linaandikwa kana kwamba mtu alisimama mbele ya kabati lililojaa akachagua baya. Na “alionyesha uzembe” si tendo kabisa. Ungesimama mlangoni mwa wodi ile saa 3 usiku ungemwona mtu anasoma, anavuta dawa, anachoma. Usingemwona anaonyesha uzembe. Hiyo ni hukumu iliyoingizwa kwenye safu ya ushahidi, na imevikwa kauli ya kutenda ili ionekane shahidi.

La pili huandikwa na matroni mwenye huruma, anayemfahamu muuguzi huyo na watoto wake: “Dozi kubwa ya insulini ilitolewa kimakosa kutokana na changamoto ya usomaji wa agizo. Hatua stahiki zilichukuliwa na hali ya mgonjwa iliimarika. Wahusika wamekumbushwa.”

Namheshimu matroni huyu, lakini andiko lake ni baya kuliko la kwanza. Nani alitoa? Nani alisoma, na alisoma nini hasa? Wahusika ni kina nani, na wamekumbushwa nini, na nani? Hospitali ya wilaya jirani ikipelekewa karatasi hii haitajua kama tatizo lilikuwa mwandiko, bomba, idadi ya wauguzi au yote matatu. Tena tazama anachokipoteza bila kukusudia. “Hatua stahiki zilichukuliwa.” Mhudumu, mwenye cheo cha chini kuliko wote katika jengo lile, ndiye aliyeona jasho na kuita. Muuguzi yule yule aliyechoma ndiye aliyemrudisha mgonjwa. Huruma ya matroni imewanyang'anya wote wawili jambo jema walilolifanya, kwa sababu ukungu ukishuka haubagui, unafunika lawama na sifa kwa pamoja.

Kiswahili kina silaha ya tatu, hatari kuliko kutendwa: kauli ya kutendeka. Agizo lilisomeka vibaya. Mabomba yalimalizika. Kosa likafanyika. Katika kutendwa angalau mlango umeachwa wazi. Ukiniambia “dozi ilitolewa”, naweza kuuliza “na nani?” na sarufi inaniruhusu. Katika kutendeka mlango umepigwa kufuli. Hakuna mtu anayesema “kikombe kimevunjika na Juma”. Kauli hiyo haimpokei mtenda, na ndiyo maana watu wenye mambo ya kuficha wanaipenda. Umeme mitaani kwetu unakatika miaka nenda miaka rudi. Ni nadra sana kumsikia msemaji akikiri kwamba umekatwa.

Kutendeka kuna mahali pake. Kamba iliyochakaa hukatika, bomba la maji huzibika, betri ya kipima sukari humalizika nguvu bila mtu kuigusa. Lakini mabomba ya insulini hayamaliziki yenyewe kabatini kama barafu juani. Kuna mtu aliyetumia la mwisho, kuna mtu anayepaswa kuhesabu yaliyobaki, kuna mtu anayejaza fomu ya maombi, kuna mtu anayeisaini au kuiacha chini ya karatasi nyingine. Anayeandika “mabomba yalimalizika” amewafuta watu wanne kwa kitenzi kimoja.

Na kauli hizi zina uzito unaopimika. Mwaka 2010 watafiti Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili kwa Kiingereza. Waliwapa watu kisa cha moto mgahawani ulioanzishwa kwa bahati mbaya na mama mmoja na kitambaa chake cha mezani. Wengine walisoma kwamba mama yule alikiwasha kitambaa, wengine walisoma kwamba kitambaa kiliwaka. Tukio lilikuwa lile lile. Waliosoma kisa chenye mtenda walimlaumu zaidi mama huyo na wakamtaka alipe fedha zaidi. Katika jaribio jingine watu walitazama tukio kwa macho yao kwenye video, na bado maneno ya maelezo yaliendelea kuwayumbisha. Kwa hiyo mtu asinijie na habari kwamba “ni uandishi tu”. Kamati ya nidhamu inayosoma andiko la kwanza na kamati inayosoma la pili zinatoa adhabu tofauti kwa mkono ule ule.

Basi tuandike nini? Hivi ndivyo ningeiandika ripoti ile kama ningekuwa mwenye kuiandika:

“Saa 2:40 usiku daktari wa zamu aliandika agizo la insulini ya kawaida yuniti 8, kwa kifupi ‘8U’. Katika karatasi ya dawa (nakala imeambatishwa) herufi U imefunga juu na inafanana na sifuri. Muuguzi wa zamu alisoma 80. Wodi haikuwa na mabomba ya insulini, akavuta mililita 0.8 kwa bomba la mililita 2. Maombi ya mabomba hayo yaliandikwa na muuguzi mfawidhi siku 9 kabla ya tukio, yakapokelewa na stoo ya dawa siku hiyo hiyo, stoo ikayapeleka ofisi ya ununuzi kesho yake. Hadi usiku wa tukio ofisi hiyo ilikuwa haijayajibu. Utaratibu wa hospitali unataka insulini ihakikiwe na wauguzi wawili. Ratiba ya mwezi huu, iliyosainiwa na mkuu wa huduma za uuguzi, inapanga muuguzi mmoja usiku katika wodi hii. Saa 3:00 muuguzi alichoma dozi. Saa 5:30 mhudumu alimwona mgonjwa akitokwa jasho na kuongea bila kueleweka, akamwita muuguzi. Muuguzi alipima sukari, 1.8, akampigia daktari na kuingiza glukosi ya asilimia 50, mililita 50.”

Itazame vizuri. Muuguzi hajafichwa. Alisoma 80, alivuta, alichoma. Hakuna mahali pa kukimbilia, na hata yeye mwenyewe akiisoma hatasema amesingiziwa. Lakini vitenzi vyake vyote ni vya jicho na mkono. Sikuandika “alisoma vibaya”. Niliandika alichokisoma, nikaweka pembeni karatasi aliyoisoma, na msomaji mwenyewe ataitazama ile U na kujiuliza yeye angeona nini. Daktari naye hajafichwa, ingawa ripoti nyingi zingemruka, maana ana daktari bingwa nyuma yake na muuguzi hana.

Tazama pia kwamba andiko hili limejaa kutendwa. Yaliandikwa na, yakapokelewa na, iliyosainiwa na. Walimu wa uandishi wanaowaambia vijana wao wakimbie kutendwa kama ukoma wanakosea adui. Hapo nilikuwa nafuatilia safari ya karatasi moja ya maombi kutoka mkono hadi mkono, na karatasi ndiyo inayostahili kukaa mbele ya sentensi. Kutendwa kunaniruhusu kuiweka mbele, na kile kineno kidogo “na” kinamleta mtenda nyuma yake. Kinachoharibu ripoti ni kumfyeka huyo wa baada ya “na”. Kama kweli hajulikani, sema hajulikani: “Chupa mbili zilihamishiwa rafu moja, aliyezihamisha hajafahamika.” Sentensi hiyo ni ya kutendwa na ni safi kabisa, kwa sababu imekiri pengo badala ya kulipaka rangi.

Na je, zile hakuhakiki, hakufuata, alishindwa? Zitoe zote. Kitenzi cha aina hiyo katika ripoti ya tukio kinamlinganisha mtu na malaika ambaye hakuwa zamu. Weka utaratibu unavyotaka, halafu weka hali ilivyokuwa, uziweke jirani. “Utaratibu unataka wawili. Ratiba inapanga mmoja.” Msomaji hahitaji kielezi chochote baada ya hapo. Na katika sentensi hizo mbili muuguzi hayumo, kwa kuwa si yeye aliyepanga ratiba.

Kuna wakati hata mtenda anayejulikana anaweza kuachwa nje ya kitenzi kimoja bila hila. Mfano bora niujuao hautoki hospitalini. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya kuhifadhi data ya Amazon iitwayo S3 ilianguka kaskazini mwa Virginia, na tovuti nyingi zikaanguka nayo. Kampuni ilitoa maelezo. Ilieleza kwamba mfanyakazi wa timu hiyo, mwenye idhini, akifuata mwongozo uliokuwepo, aliendesha amri iliyokusudiwa kuondoa seva chache. Mpaka hapo ni kutenda. Halafu, pale penyewe pa kosa, kitenzi kinageuka: kipengele kimoja cha amri kiliingizwa isivyo, na seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa zikaondolewa.

Je, wamemficha? Hapana. Sentensi iliyotangulia imeshatuambia vidole ni vya nani. Kutendwa kule kumefanya jambo moja tu, kumezuia kidole cha msomaji kisibaki kimemnyooshea mtu yule, ili macho yaendelee mbele kwenye swali la maana: kwa nini amri moja iliweza kuondoa seva nyingi hivyo? Na jibu walilitoa kwa nafsi ya kwanza wingi. Walisema kifaa chao kiliruhusu uwezo mwingi kuondolewa haraka mno, kwamba wao hawakuwa wamewasha upya mifumo ile kikamilifu katika maeneo yao makubwa kwa miaka mingi, na kwamba wamekibadilisha kifaa kiondoe polepole na kikatae kushuka chini ya kiwango cha lazima. Sisi, sisi, sisi. Siwasifu kwa upole wao, kampuni kubwa hazina upole. Nasifu mpangilio: mfanyakazi kwa cheo na kutenda, kosa kwa kutendwa, uongozi kwa “sisi”.

Sasa linganisha na Januari 1987, Rais Ronald Reagan akilihutubia Bunge la Marekani baada ya kashfa ya kuiuzia Iran silaha. Alisema makosa makubwa yalifanywa. Kitenzi ni cha kutendwa vilevile, na mahali ni pale pale pa kosa. Alikubali kuwajibika kwa jumla, lakini hapakuwa na sentensi ya kabla yake wala ya baada yake iliyosema nani alifanya kosa lipi. Ndiyo tofauti kati ya ripoti na kauli ya mwanasiasa, na ripoti nyingi mno za hospitali zetu zinaandikwa kama hotuba ya rais aliyebanwa.

Najua watakaonipinga, na wa kwanza ni wale wa adabu. Watasema kwetu mtu hamtaji mkubwa wake kwa kitenzi kikavu, kutendwa ni heshima. Sawa, nawauliza: heshima hiyo mbona haimfikii mhudumu? Mbona muuguzi anatajwa kavu, na saa yake, na kitanda alichokuwa akikihudumia? Heshima inayopanda tu bila kushuka ina jina jingine, nalo ni woga. Na kumtaja mkuu wa ununuzi kwa cheo chake, kwamba hadi tarehe fulani ofisi yake ilikuwa haijajibu maombi, si kumvunjia heshima. Huenda alikuwa na sababu nzuri kuliko zote, huenda bajeti haikuwa imeingia. Akitajwa atapata nafasi ya kuisema, na hapo ndipo tutakapojua kwamba tatizo liko juu zaidi.

Wa pili ni wale wa ukali. Mtu abebe msalaba wake, wanasema, tukianza kuchambua taa na mabomba kila mzembe atapata kichaka. Hawa nawakumbusha usafiri wa anga. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachofuatwa na nchi wanachama zikiwemo zetu, kinasema lengo pekee la uchunguzi wa ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kugawa lawama si kazi ya uchunguzi huo. Hakuna mtu anayeita marubani watu wa mchezo. Na kama mtu ameiba dawa, amekuja zamu amelewa au ameghushi kipimo, kuna njia ya nidhamu na kuna polisi, lipelekwe huko. Hata huko bado ningeandika kwa vitenzi vya jicho na mkono: “Aliandika kwamba alipima sukari saa 10 alfajiri, kumbukumbu ya mashine haina kipimo cha saa hiyo.” Neno “alighushi” halimo, na hakuna atakayelikosa.

Lakini chanzo cha ubovu wote huu si walimu wala makatibu. Ni barua ya kujieleza. Tunampa muuguzi karatasi mbili asubuhi moja: fomu ya tukio, inayomwomba aseme yote ili tujifunze, na barua inayomtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Halafu tunashangaa kwa nini fomu imejaa “ilisomeka” na “ilitokea”. Angeandikaje? Mtu aliyewekewa mtego hawezi kuandika “nilisoma 80”. Ataandika kwa kutendeka mpaka wino uishe, na mimi nisingemlaumu. Sentensi “nilisoma 80, nikavuta mililita 0.8” ni sentensi ya gharama kubwa sana katika hospitali, na uongozi unaoitaka bure huku umeshika fimbo hautaipata. Ukitaka fomu zenye kweli, fomu isisomwe na kamati ya nidhamu, na barua ya kujieleza isitoke kabla uchunguzi haujaisha.

Kwa anayepokea ripoti kuna njia rahisi ya kuipima. Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi, na pembeni yake andika cheo cha mtenda. Pasipo na mtenda weka alama ya kuuliza. Kisha tazama ukurasa. Katika andiko la kwanza la kisa chetu pembeni pataandikwa muuguzi, muuguzi, muuguzi, muuguzi. Katika la matroni patajaa alama za kuuliza. Katika la tatu utakuta daktari, muuguzi, muuguzi mfawidhi, stoo, ununuzi, mkuu wa uuguzi, mhudumu. Ripoti yenye cheo kimoja pembeni ni mashtaka. Yenye alama za kuuliza tupu ni ulaji wa karatasi. Zote mbili zirudishwe kwa mwandishi siku hiyo hiyo, kabla watu hawajasahau taa ipi ilikuwa inawaka.

Na nyinyi wakubwa, waganga wafawidhi, makatibu wa afya, wakuu wa ununuzi: ripoti ijayo ikifika mezani, msianze kutafuta jina la muuguzi. Andikeni kwanza mstari wenu, kwa kauli ya kutenda, kwa nafsi ya kwanza. Tulipanga muuguzi mmoja kwa wagonjwa 31. Tulikaa na maombi ya mabomba siku 8 bila kuyajibu. Hatukupiga marufuku herufi U. Mkiisha kusaini hapo, ndipo muuguzi aitwe aandike wake.